Aya ya Gazeti kwa Kiswahili cha Wazee

Nilipoanza kufundisha Kiswahili Lushoto nililikuta zoezi ambalo mpaka leo nalipenda kuliko yote. Mwanafunzi hupewa aya ya habari za siku hizi, akaiandika upya kwa nathari ya kale, yenye madoido, bila kupotosha jambo hata moja lililomo. Enzi hizo ukale ulipimwa kwa salamu ndefu na maneno ya Kiarabu. Aya ilifunguliwa kama barua za watu wa pwani, ikashehenezwa msamiati mzito, na aliyesheheneza zaidi ndiye aliyepewa alama nyingi. Ukimaliza kuisoma ulijua kwamba mwandishi amesoma sana, ila barabara ilifungwa wapi hukuambiwa.

Mambo yalianza kubadilika pale mzee mmoja wa Vuga, mwalimu mstaafu, aliponiazima nakala yake ya *Habari za Wakilindi*. Kitabu hicho ni cha Abdallah bin Hemedi, na kinasimulia ukoo uliotawala milima hii, tangu Mbegha, mwindaji wa nguruwe, alipotoka Nguu mpaka akawa mtawala wa Wasambaa. Kilichapwa kwa sehemu na misheni ya Magila kuanzia mwaka 1895, kisha J.W.T. Allen akakihariri, kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Mzee aliniambia, "Mwalimu, kisome kwa sauti, halafu uniambie ukale wake uko wapi."

Nilikisoma kwa sauti. Maneno magumu yalikuwa machache kuliko nilivyotarajia. Ukale ulikuwa katika mwendo wa sentensi: tendo linalifuata tendo kwa "-ka-", chanzo kinatangulia matokeo, na watu wanasema kwa vinywa vyao wenyewe badala ya kusemewa na mwandishi. Tangu hapo tulianza kufundisha mwendo kwanza, msamiati baadaye.

Nitaeleza kwa aya moja ambayo niliitunga kwa mfano wa habari zetu za masika:

"Barabara ya Mombo hadi Lushoto ilifungwa kwa saa sita jana baada ya udongo kuporomoka karibu na Soni, kufuatia mvua kubwa iliyonyesha usiku wa kuamkia jana. Hakuna aliyeripotiwa kujeruhiwa. Wafanyabiashara wa mboga wamelalamikia hasara, huku mamlaka zikiwataka madereva kuchukua tahadhari."

Kazi ya kwanza ni kuipindua. Habari ya gazeti huanza na matokeo, yaani barabara kufungwa, kisha hurudi nyuma kutafuta sababu. Msimulizi wa kale huanza na mvua. Kwa hiyo tunayaorodhesha matukio pembeni kwa mfuatano wake: mvua, udongo, barabara, malalamiko, onyo. Kitenzi cha kwanza kinabeba "-li-" ili msomaji ajue tuko wakati gani, na "-ka-" zinafuata. Aya ikianza na "-ka-" moja kwa moja, inaelea hewani.

Kazi ya pili ni kuwapa watu sauti, na hapo ndipo uaminifu hujaribiwa. Rasimu moja ya darasani ilikuwa hivi: "Ama wachuuzi wa mboga, walinung'unika, wakanena, Kabichi zetu zimeoza, nasi tumepata hasara." Ilisomeka vizuri mno. Nilipompelekea mzee, aliweka kidole juu ya kabichi akauliza, "Hizi zimetoka wapi?" Gazeti limetaja hasara tu. Huenda mboga zilifika sokoni zikiwa nzima lakini bei imeshashuka. Huenda walilipa gari lililokaa bure. Kabichi zikaondoka, hasara ikabaki.

Baada ya marekebisho aya ilitulia hivi:

"Usiku wa kuamkia jana ilinyesha mvua kubwa, mvua nyingi, hata karibu na Soni udongo ukaporomoka, ukaiziba njia itokayo Mombo kwenda Lushoto. Njia ikafungwa muda wa saa sita, halipiti gari liendalo wala lirudilo. Wala haikuletwa habari ya mtu aliyeumia. Ama wachuuzi wa mboga, hao walinung'unika, wakanena, 'Tumepata hasara.' Nao wenye amri wakawaambia waendeshao magari, 'Jihadharini.'"

Angalia sentensi ya tatu. Wanafunzi wengi huandika "wala hakuumia mtu", kwa kuwa inasikika nzuri. Lakini gazeti halikusema hivyo. Limesema hakuna aliyeripotiwa. Tofauti yake ni kubwa siku ambayo mtu atapatikana chini ya udongo. "Haikuletwa habari" inaulinda mpaka huo, na bado ina ladha ya kale.

Madoido nayo yana kanuni. Katika "mvua kubwa, mvua nyingi" neno la pili linarudia la kwanza bila kuongeza dai jipya. Mtu akiandika "mvua kubwa isiyopata kuonekana", ameshatangaza rekodi ambayo hakuna aliyeipima. Jozi ya namna hii pia humsaidia msomaji: ukitaka kutumia neno lililochakaa, liweke kando ya lile la kawaida, nalo litajieleza lenyewe. Sentensi moja inatosha neno moja la aina hiyo.

Kwa tahajia tulikubaliana kuiacha ya leo. Vitabu vya kabla ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930 huandika "kulla" na "hatta", na wanafunzi walipenda kuziiga. Zinamchelewesha msomaji, wala hazibadilishi mwendo hata kidogo. Magari pia yalibaki magari. Kuyageuza kuwa punda ni kubadilisha habari.

Ili kujua kama aya imebaki aminifu, tunairudisha. Mwanafunzi ambaye hakuiona aya ya gazeti hupewa ile ya kikale aiandike kwa Kiswahili cha habari, kisha tunazilinganisha mbili za kisasa. Kilichopotea huonekana papo hapo, mara nyingi muda au mahali. Kilichoongezeka huonekana pia, na mara nyingi ni hisia: hofu, vilio, shukrani. Mwanafunzi akilazimika kusoma sentensi mara mbili ili aielewe, mwandishi anarudi kuikata.

Zipo aya zinazokataa. Ya bei za viazi ulaya katika masoko matano haina simulizi. Ni jedwali lililoandikwa kwa maneno, na madoido huificha. Nyingine ni za maofisini, zenye "imeamuliwa", "imeelekezwa", "imebainika". Nathari ya kale inamtaka mtendaji: nani alinena, nani aliamuru. Aya haimtaji, nasi haturuhusiwi kumbuni. Tunaandika "amri ilitoka" na kuishia hapo, ingawa sentensi inabaki na pengo.

Pengo hilo limekuwa somo lenyewe. Wanafunzi waliozoea zoezi hili sasa hawasomi "imeamuliwa" wakapita. Juzi darasa zima lilisimama kwenye aya moja kuhusu ada ya soko, wakataka kujua ni mkutano gani ulioamua na nani alikuwepo. Aya ya kisasa ilikuwa imewaridhisha mpaka walipojaribu kuisema kwa lugha ya wazee.