Meseji Aliyoifuta Mama

Ilikuwa na sentensi nne: "Hongera! Usajili wako umekamilika. Namba yako ni 48213. Bofya hapa uunganishwe na daktari sasa hivi." Niliiandika mwenyewe, nikalipwa, na nakiri kwamba niliipenda.

Nilikuwa nimechukua kibarua pembeni ya uandishi wa habari: kutunga maneno ya chapa ya huduma mpya ya tiba mtandao hapa Dar es Salaam. Kampuni sitaitaja. Na nikisema chapa simaanishi nembo peke yake. Ni kila kitu ambacho mgonjwa anakiona na kukisikia kutoka kwenu, tangu siku anayolisikia jina lenu hadi dakika anayokata simu.

Mama yangu anaishi Muheza. Ana presha, na alikuwa anameza amlodipini kila siku. Aliponiambia miguu imeanza kuvimba nikamwandikisha kwenye huduma yetu, nusu kwa kumhurumia na nusu kwa kutaka kujua kazi yangu inafanyaje kazi huko nje. Jioni nikampigia kuuliza daktari kasemaje.

"Daktari gani?"

"Hukupata meseji?"

"Ile? Nimeifuta. Wale wa 'ile hela tuma kwenye namba hii' wamerudi, safari hii wanajifanya madaktari."

Nilicheka. Kisha nikaisoma upya kwa macho yake. Namba ngeni. Hongera kwa jambo ambalo hakuliomba. Tarakimu tano. Kitu cha kubofya. Na haraka: sasa hivi! Bila kujua, nilikuwa nimeandika meseji ya tapeli, tena tapeli mzuri.

Kilichonikata kicheko ni alichoongeza kabla ya kukata simu. Dawa ameziacha. Jirani kamwambia miguu ikivimba ujue vidonge vinakula figo, basi yeye kaviweka kabatini, leo siku ya tisa. Mtu wa kumwambia vinginevyo alikuwa mwisho wa ile meseji aliyoifuta.

Ofisini tulikuwa tumetumia wiki tatu kwenye nembo. Ya kwanza ilikuwa na msalaba mwekundu unaotoa mawimbi ya mtandao. Mwanasheria akaikataa siku hiyo hiyo: msalaba mwekundu juu ya weupe unalindwa na Mikataba ya Geneva, si alama ya kila anayeuza dawa. (Tazama maduka ya dawa mtaani kwako uone wangapi wanalijua hilo.) Tukahamia kijani, tukabishana kijani kipi. Katika wiki zote hizo hakuna aliyeuliza mgonjwa wa mara ya kwanza anaogopa nini. Tulidhani anaogopa teknolojia, ndiyo maana kila sentensi yetu ilimwambia ni rahisi, ni haraka, ipo kiganjani.

Mama haogopi simu. Hela za kikoba anazituma na kuzipokea humo humo. Anachoogopa ni kutojua nani yuko upande wa pili.

Halafu kuna zile tarakimu. Kwa miaka mingi benki na kampuni za simu zimetufundisha jambo moja: namba uliyotumiwa usimpe mtu. Sasa tiba mtandao inakuja na kinyume chake, inakutumia namba na kukutaka umsomee mwenye duka la dawa. Rwanda walilipitia hili. Huduma ya Babyl, iliyoanza huko mwaka 2016, ilifanya kazi hata kwa simu ya kitochi, na mgonjwa alitumiwa namba ya kwenda kuchukulia dawa. Inawezekana, lakini lazima umweleze mtu namba hii ni ya nini na ampe nani. Usipomweleza, mwenye busara ndiye atakayekaa nayo nyumbani bila dawa.

Nikaandika upya. Ilianza na jina la mama na jina la aliyemwandikisha, yaani mimi. Ikafuata saa ambayo simu itapigwa, jina la daktari, na namba yake ya usajili katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Kisha: "Atapiga kwa namba hii hii. Hatakuuliza namba ya siri. Simu ikikatika atapiga yeye tena, hulipi mara mbili."

Mhasibu akahesabu herufi. Meseji moja hubeba herufi 160 tu. Ukizidisha unalipia ya pili, na yangu ilizidi sana. Akapendekeza tukate ile sentensi ya mwisho. Nilikataa kwa sauti ambayo huwa siitumii ofisini. Mtu wa Muheza anajua mtandao utakatika, hilo halimshangazi. Anataka kujua ukikatika hela yake inakwenda wapi. Hatimaye tukakata "Hongera" na maneno yote matamu, na sentensi ikabaki.

Mbunifu wetu, kijana mzuri tu, alitaka meseji ianze na "Shikamoo". Nikambishia. Kompyuta haina umri, itamwamkiaje mtu? Shikamoo tukaihamishia kinywani mwa daktari. Mbele yake tukamwekea umri wa mgonjwa, aone kabla hajapiga.

Simu ilipigwa siku iliyofuata saa 10 jioni. Nilikuwa nimeshafika Muheza. Picha iliganda baada ya nusu dakika, uso wa daktari ukabaki mdomo wazi, na mabango yetu yote yalikuwa yanaonyesha daktari anayetabasamu kwenye kioo! Simu ikakatika. Mama akanitazama. Ikaita tena, namba ile ile, sauti tupu.

"Shikamoo mama, ni mimi tena. Picha tuiache, tuongee."

"Marahaba mwanangu."

Aliuliza: umevimba miguu yote miwili au mmoja? Mmoja, tena wenye maumivu, angemwambia aende hospitali saa ile ile, maana huenda ni damu iliyoganda. Yote miwili. Akamwambia abonyeze mfupa wa muundi kwa kidole gumba, ahesabu mpaka tano, aachie. Shimo limebaki? Limebaki. Ukilala chali unakosa pumzi? Unalalia mito mingapi? Kisha akamweleza kwamba amlodipini huvimbisha miguu ya watu wengi, na uvimbe huo peke yake hauna maana kuwa figo zinaliwa. Ila kuiacha ghafla bila kumwambia mtu, hapana.

"Presha yako siwezi kuipima kwa simu," akasema. "Nenda zahanati sasa hivi, nisomee watakachoandika."

Tulikwenda kwa bodaboda. 178 juu, 104 chini. Daktari akapiga tena, akambadilishia dawa, akamwandikia kipimo cha figo, akataka presha ipimwe tena baada ya wiki mbili.

Niliporudi Dar nikaomba sentensi moja iwekwe mwanzoni kabisa mwa tovuti: "Kuna mambo daktari hawezi kuyajua kwa simu. Yakitokea, atakuambia uende hospitali." Mtu wa masoko aliniuliza kama nafanyia kazi hospitali. Mwisho wa mabishano ikaingia, chini, kwa herufi ndogo. Nimeikuta huko juzi, bado ni ndogo.

Mama meseji yangu ya pili naye aliifuta, kwa sababu simu ilijaa. Lakini kabla ya kuifuta alichukua daftari lake la kliniki, akanakili jina la daktari na namba ya usajili kwenye jalada la nyuma.