Zawadi kwa Mtoto wa Miaka 11

Mtoto wa miaka 11 ni mgumu kupewa zawadi kuliko mdogo wake au kaka yake. Mdogo wake hufurahia cho chote chenye rangi, na kaka yake hutaja mwenyewe kitu akitakacho. Lakini huyu wa katikati leo apenda mpira, mwezi ujao apenda njiwa, tena ukimpa kitu chenye harufu ya utoto hujiona ametukanwa.

Sisi tukaao Mukendo, mjini Musoma, tunaye mtoto wa ndugu yetu wa namna hiyo, naye yu darasa la tano. Shangazi yake alimletea kutoka Mwanza gari la plastiki lenye kuwaka taa. Alishukuru kwa adabu, na kabla ya jua kuchwa gari lilikuwa mikononi mwa mdogo wake.

Noeli ilipokaribia tukaanza kufikiri. Kumwuliza hakukufaa, maana jibu la Jumatatu halikufanana na la Ijumaa. Basi tuliacha kusikiliza anachosema, tukatazama anachoazima. Mwezi wa nane alifuga njiwa, akaazima koleo la jirani ili akaze waya wa tundu. Mwezi wa kumi njiwa walisahauliwa, akashika redio mbovu, na koleo lile lile likaazimwa tena. Kisha ikamwingia hamu ya kuvua furu penye mawe ya ziwani, na kila ndoana ilipozama sana kinywani mwa samaki alikuja mbio kuuliza koleo. Mapenzi yake yaligeuka mara tatu, lakini chombo kilikuwa kimoja. Tukaona kwamba hilo ndilo la kununua, koleo la kweli ambalo mafundi huliita plaizi, si la kuchezea.

Ubaya wa koleo hauonekani dukani kwa kutazama rangi ya mpini. Tulilifumba, tukaliinua kuelekea mwanga wa mlangoni. Katika koleo jema ncha za meno hukutana sawasawa. La kwanza tuliloonyeshwa lilipitisha mwanga nchani, nalo lisingeweza kushika waya mwembamba wala ndoana. Kisha tukatikisa mikono yake huku na huku. Ikiwa msumari wa katikati umelegea tangu dukani, meno yatapishana upesi. Mwisho tukaomba kipande cha gazeti, tukakikata kwa makali ya ndani. Makali yanayokutana vema hukata karatasi, na yasiyokutana huikunja tu. La pili lilishindwa hapo, la tatu likafaulu.

Kipimo nacho kina maana. Mafundi wengi hutumia la inchi 8, lakini mkono wa mtoto hauwezi kulifumba kwa nguvu likiwa limepanuliwa. Tulichukua la inchi 6. Nalo si la kitoto, kwa kuwa watu wazima hulitumia kwa kazi ndogo ndogo, na yeye alilijua hilo mara alipoliona.

Hatukulifunga kwa karatasi ya maua. Tulimpa pamoja na kitambaa kikuukuu na kichupa cha mafuta ya cherehani, tukamwonyesha kutia tone moja penye msumari na kupangusa meno, maana koleo lililotoka ziwani na maji hushika kutu upesi. Pia tulimwambia neno moja kwa ukali: mpini wa mpira haumlindi mtu na umeme wa nyumba. Aweza kufungua redio ya betri apendavyo, ila kitu kilichochomekwa ukutani asikiguse. Kuhusu ziwa tulimwekea sharti la kusimama juu ya mawe makavu, asiingie majini penye majani, kwa ajili ya kichocho na mamba, wala asiende peke yake.

Wengine watauliza, je, kama angeliacha nalo baada ya wiki mbili? Swali hilo tulijiuliza kabla ya kutoa fedha. Gari la plastiki likiachwa huwa takataka, bali koleo likiachwa laingia kazini katika nyumba ile ile. Tena halihitaji betri wala kingine cha kununuliwa baadaye ndipo lifanye kazi.

Mwezi wa pili baba yake alilihitaji kukaza waya wa ua. Alimwomba mtoto kama aombavyo kwa fundi, naye mtoto akamwuliza atalirudisha lini. Baba hakukasirika.

Sasa furu nao wameachwa, ni zamu ya baiskeli. Juzi tulimkuta akitaka kukata spoki ya gurudumu, tukamzuia, maana chuma kile ni kigumu na huweka pengo katika makali ya koleo jepesi kama hilo. Tulimwazima tupa, akaikata kwa kuisugua. Tangu siku ile hutuuliza habari za tupa.