Tembe Moja, Majibu Mawili

Niliacha chuo mwaka wa tatu, na siku hizi naandikia watu makala nikiwa nyumbani, kwa hivyo kazi ya kusimamia dawa za mzee ilinijia yenyewe. Mzee alipata kiharusi kidogo 2021. Tangu hapo anameza tembe kadhaa, na mojawapo ni atovastatini ya miligramu 40, kila usiku. Iko kwa kundi la statini, zile dawa za kushusha kolesteroli. Ndani ya mwaka mmoja, daktari wake alinipa majibu mawili yanayopingana kuhusu hiyo tembe, na yote mawili yalikuwa sawa.

Kwanza ilikuwa upasuaji wa ngiri. Muuguzi alisema mzee asile chochote kuanzia saa sita usiku. Mzee akaelewa kwamba dawa zote pia zimepewa likizo. "Nikifunga, nimefunga," akaniambia. Daktari akapitia orodha, tembe moja baada ya nyingine. Ya sukari asimeze asubuhi hiyo, kwa sababu hatakula. Statini ameze usiku wa kuamkia upasuaji kama kawaida, na usiku unaofuata ameze tena bora tu anaweza kumeza.

Mtu angeuliza, siku mbili tatu bila dawa ya kolesteroli zitafanya nini? Kolesteroli yenyewe hupanda polepole, huchukua wiki. Lakini statini pia hutuliza kuta za mishipa, na yale mafuta yaliyoganda ndani hayapasuki ovyo. Upasuaji unatikisa mwili: presha inapanda na kushuka, na damu inaganda kwa urahisi zaidi. Mafuta yakipasuka wakati huo, damu inaganda juu yake na mshipa unaziba. Kuna jaribio lililofanyika Hispania, likachapishwa 2007, la wagonjwa 89 wa kiharusi ambao tayari walikuwa kwa statini. Waliosimamishiwa kwa siku tatu tu za mwanzo walitoka vibaya kuliko walioendelea. Haukuwa upasuaji, lakini inaonyesha siku tatu si kitu kidogo mwili ukiwa kwa vita ya aina hiyo.

Miezi minne baadaye mzee akashikwa na nimonia. Siku nne alikuwa anakunywa uji vijiko viwili na kuurudisha. Kliniki moja ikamwandikia dawa mbili za kuua bakteria, mojawapo klarithromisini, bila kumuuliza anameza nini kingine. Mfamasia ndiye aliyeuliza. Nilipotaja atovastatini, akaweka pakiti chini na kuniambia nipigie daktari kwanza.

Daktari akasema: simamisha.

Sababu ni hii. Atovastatini huvunjwavunjwa na ini, na klarithromisini huziba njia hiyohiyo. Mtu anameza kipimo kilekile, lakini kwa damu kinajikusanya kama amemeza zaidi. Ongeza mwili uliokauka maji, figo zilizochoka na tumbo tupu, na misuli ndiyo inalipa. Ni nadra, lakini inaweza kuanza kubomoka, na mabaki yake yanaenda kuumiza figo. Dalili alizonipa niangalie ni mbili: mapaja na mabega kuuma au kukosa nguvu ghafla, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Nikiona mojawapo, nisingoje asubuhi.

Mzee alilalamika miguu imelegea, kwa hivyo tukaenda kupimwa damu. Kipimo cha misuli kilikuwa sawa. Cha figo kilikuwa kimepanda kiasi, maana alikuwa amekauka. Akawekewa maji, na klarithromisini ikabadilishwa.

Hapo ndipo nikaelewa tofauti. Kwa upasuaji uliopangwa, mzee aliingia akiwa ameshiba, figo ziko fiti, na hatari kubwa ilikuwa kwa moyo na ubongo. Kwa nimonia, dawa yenyewe ndiyo ilikuwa imegeuka hatari, kwa siku chache. Na kama ugonjwa ungekuwa kiharusi kingine au mshtuko wa moyo, jibu lingerudi kuwa endelea, hata kama hali chakula vizuri, ila daktari aseme vinginevyo.

Shida ya kusimamisha ni kwamba hakuna anayekumbuka kurudisha. Mgonjwa anapona, karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani haitaji ile tembe, na miezi sita inapita. Kwa hivyo nilimuuliza daktari tarehe. Hakunipa tarehe, alinipa masharti matatu: awe anakula na kunywa bila kutapika, dawa za bakteria ziwe zimeisha, na kipimo cha figo kiwe kimeshuka. Nikayaandika kwa kalamu kwenye boksi la dawa. Siku ya kumi na moja, la mwisho likatimia. Usiku huo mzee alimeza tembe yake na ugali wa jana, akilalamika kwamba sukuma haina chumvi.