Jibu la Barua ya Kukataliwa Kazi

Barua ya kukataliwa kazi siku hizi hailetwi na tarishi. Huingia katika simu, pengine mtu yumo ndani ya daladala, nayo aghalabu ina mistari mitatu: twashukuru kwa maombi yako, tumemchagua mwingine, twakutakia kila la heri. Vijana wengi huifuta pale pale. Sisi twaona si vema kuifuta, wala si kila barua ya namna hiyo yataka jibu.

Mwombaji aliyepeleka karatasi zake tu, asiitwe kwa usaili, hana haja ya kuuliza lolote. Aliyemwandikia hakumwona. Labda alipunguza rundo la majina kwa kutazama vyeti na miaka ya kazi, na hana neno jipya la kumwambia. Tena na itazamwe anwani iliyoleta barua. Ikiwa imeandikwa no-reply, hiyo ni anwani ya mashine isiyosomwa na mtu. Lakini kijana aliyeketi mbele ya wasaili, wakamsikiliza na kuandika maneno yake, huyo ameacha kitu katika akili zao, na hicho ndicho kinachofaa kuulizwa.

Mpwa wetu mmoja, mwenye stashahada ya uhasibu, aliitwa na kampuni moja ya kusafirisha mizigo kwa kazi ya msaidizi wa mhasibu. Wasaili walikuwa watatu, wakakaa naye dakika 40. Jumanne ya wiki ya pili ikaja barua ya kumkataa, imetiwa saini na Afisa Utumishi kwa jina lake. Usiku ule ule kijana akaandika jibu, akatuletea tulisome kabla hajalipeleka. Lilisema hivi: “Nimepokea barua yenu kwa masikitiko makubwa, kwa kuwa nina sifa zote mlizozitangaza na nilijibu maswali yote. Naomba mnieleze sababu za kutonichagua, na aliyechaguliwa amenizidi nini.”

Hapana tusi ndani yake, na hata hivyo tulijua kuwa halitajibiwa. Neno “sababu” humtaka afisa ajitetee. Mwajiri mwenye hadhari huogopa kuandika sababu, asije akaletewa karatasi ile ile mbele ya baraza la usuluhishi wa kazi. Basi hunyamaza, au hurudia maneno ya barua ya kwanza. Na kuuliza habari za aliyechaguliwa ni kuuliza siri ya mtu mwingine, ambayo afisa hana ruhusa ya kuitoa.

Kijana akatuuliza, “Sasa mjomba, nisiulize kabisa?”

Tukamjibu, “Uliza, baba, lakini uliza jambo ambalo mtu mwenye shughuli nyingi aweza kulijibu kwa mistari miwili, tena lihusu kazi yako wala si uamuzi wao.”

Tukamshauri alale kwanza. Siku moja au mbili zatosha kupoza moyo, na wasaili wangali wanakumbuka; zikipita wiki mbili sura yake itakuwa imechanganyika na nyingine. Alhamisi asubuhi akaandika juu ya barua ile ile aliyoletewa, bila kubadili kichwa chake, ili afisa ayaone mazungumzo yote pamoja asihangaike kutafuta ni nani huyu. Baada ya kumsalimu afisa kwa jina lake, alisema:

“Nashukuru kwa kunijulisha uamuzi wenu, na kwa muda mlionipa katika usaili. Nilitamani kazi hii, kwa hiyo sitaficha kuwa nimesikitika. Lakini nauheshimu uamuzi wenu. Nilinufaika hasa na maelezo ya Mhasibu Mkuu juu ya namna mnavyofuatilia madeni ya wateja wa bandarini. Ikiwa una nafasi, ningeshukuru kuambiwa jambo moja ambalo ningelifanyia kazi kabla ya usaili mwingine. Ikiwa utaratibu wenu hauruhusu, nitaelewa. Ikitokea nafasi ya namna hii baadaye, nitafurahi kufikiriwa tena.”

Mstari juu ya madeni ya wateja ndio uliofanya barua ile iwe yake, kwani barua ya shukrani tupu yaweza kuandikwa na yeyote kwa yeyote. Akaomba jambo moja, si maoni yote, kwa kuwa moja hupatikana kwa kukumbuka tu, na mengi hutaka kikao. Na ile ruhusa ya kutojibu humwondolea afisa uzito. Mtu asiyebanwa hujibu upesi zaidi. Hakusema yuko tayari kwa kazi yoyote ile, maana mwajiri hamkumbuki mtu wa kazi yoyote. Humkumbuka wa kazi fulani.

Baada ya siku 5 jibu likaja. Afisa alisema wasaili waliridhika na elimu yake, lakini alipoulizwa jinsi ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki alieleza kanuni, asitoe mfano wa kazi aliyoifanya mwenyewe. Hayo tu. Kijana alitaka kueleza kuwa mfano alikuwa nao, ila muda ulikwisha. Tukamzuia. Anayejibu maoni kwa utetezi humfundisha afisa asitoe maoni tena. Akaandika mstari mmoja wa shukrani, akafunga simu. Kisha akachukua daftari la duka la mama yake na taarifa za benki za miezi 3, akazilinganisha: hundi iliyotolewa lakini haijafika benki, ada ya benki ambayo haikuandikwa dukani, malipo yaliyoandikwa mara mbili. Sasa mfano anao, na karatasi zake zipo.

Na lau jibu lisingekuja? Basi angeacha hapo. Ukumbusho wa kudai maoni hauleti maoni. Twajua pia kuwa zipo sheria, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinazompa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zake anazowekewa na taasisi. Ni haki ya kweli, na mwenye kudhani amedhulumiwa asiiache; lakini kwa atakaye tu kujua ajirekebishe nini, na kuitwa tena, njia hiyo humgeuza kutoka mwombaji kuwa mdai.

Huko kuitwa tena si ndoto. Aliyechaguliwa pengine hupata mshahara mkubwa kwingine asifike kazini, au huondoka katika miezi ya majaribio. Kutangaza upya ni gharama na majuma ya kungoja, kwa hiyo afisa hurudia orodha ya usaili uliopita. Hapo jina lililoacha harufu njema lina nafasi. Walakini hakuna ahadi, na nafasi yenyewe yaweza kufutwa.

Miezi 4 baadaye mpwa wetu alimwandikia tena afisa yule, mistari mitatu, kwa kuwa sasa alikuwa na jambo jipya la kusema: amepata kazi ya muda ya hesabu kwa mfanyabiashara mmoja, na bado angependa kufikiriwa. Afisa akajibu kuwa jina lake limehifadhiwa. Kampuni ile haijamwita. Ila mwezi uliopita aliitwa kwa usaili na ofisi nyingine, akaulizwa swali lile lile la daftari na benki, akaeleza habari ya ile hundi na ile ada. Hivi tuandikapo, majibu ya usaili huo hayajafika.