HOMA IMESHUKA, LAKINI MTOTO HAJAPONA



Ndugu yangu mzazi, leo nakusimulia kosa langu mwenyewe, ili usilirudie kwa mwanao.

Binti yangu alikuwa na miaka miwili na uzito wa kilo 12. Usiku mmoja mama yake akaniamsha: "Baba watoto, mtoto anachemka." Nikachukua kipimajoto, nikaweka ncha yake katikati ya kwapa, ikagusa ngozi, nikaubana mkono wake mpaka kikalia. Kikasoma 38.9. Ukipima kwapani, kuanzia 37.5 hiyo ni homa.

Hapo tulifanya sawa. Tulimvua sweta, tukambakishia nguo moja nyepesi, wala hatukummwagia maji baridi, maana humtetemesha mtoto na kumtesa bure. Kisha tukampa parasetamo ya maji. Dawa hii hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kwa kilo 12 ni miligramu 120 hadi 180. Chupa yetu iliandikwa miligramu 120 katika mililita 5, basi mililita 5 zikamtosha. Wewe soma chupa yako, kwani nguvu hutofautiana, na tumia kipimo kilichokuja nayo, si kijiko cha jikoni. Unaweza kurudia baada ya saa 6 ikiwa bado ana homa, lakini isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini usimpe mtoto.

Baada ya saa moja kipimajoto kikasoma 37.8. Alfajiri, 37.2. Nikamwambia mama yake, "Alhamdulillah, imekwisha." Nikaenda zangu kwenye shughuli.

Kosa langu liko hapo. Parasetamo hushusha joto tu, haimuui mdudu aliyeleta homa. Kipimajoto kilinionesha dawa inafanya kazi, mimi nikadhani mtoto amepona. Kwetu malaria ipo, na mtoto mwenye homa anatakiwa apimwe ndani ya saa 24, hata kama joto limeshuka na anacheza. Ni tone moja la damu kidoleni, na jibu hupatikana ndani ya nusu saa.

Mchana nilipigiwa simu. Joto lilikuwa 39.4, lakini hilo silo lililonitisha nilipofika nyumbani. Alikataa kunywa. Kila tulichomlazimisha alitapika chote. Nikamwita jina, akafumbua macho kwa shida, akayafumba tena. Tukakimbilia kituo cha afya.

Tabibu aliuliza: homa ilianza lini? Amekunywa nini tangu asubuhi? Mara ya mwisho kukojoa ni lini? Mimi nilikuwa na namba za kipimajoto tu. Kipimo kikaonesha malaria. Kwa kuwa hakuweza kubakisha dawa tumboni, akatibiwa kwa sindano, akalazwa. Alipona, kwa rehema za Allah, lakini tulichelewa.

Basi, ndugu yangu, mtoto akipata homa weka karatasi karibu na kitanda. Andika saa, joto, dawa uliyompa, alichokunywa na alivyokojoa. Vinywaji mpe kidogo kidogo: kijiko cha chai kila baada ya dakika chache, maji safi, uji mwepesi au dafu. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Ikiwa anaharisha, mchanganyie dawa ya chumvi na sukari ya pakiti kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake.

Na usisubiri hata saa moja ukiona haya: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, shingo imekakamaa, anapumua kwa shida au kifua kinabonyea anapovuta pumzi, au amepitisha saa 8 bila kukojoa. Mchanga wa chini ya miezi mitatu akiwa na homa yoyote, usimpe dawa nyumbani, mpeleke.

Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Wapo wanaosema ni shetani, wakampeleka kwanza kufukiziwa moshi. Huenda ni malaria imepanda kichwani, na kila saa inayopita inamdhuru. Dua isomeni njiani mkielekea hospitali.

Kipimajoto kinakuambia joto la mtoto. Hali yake utaijua kwa kumtazama anavyokunywa, anavyokojoa na anavyokuitika.

Allah awalinde watoto wetu. Wabillahi tawfiq.