Barua kwa daktari: shajara ya kiwandani, Mwanza

Jumatatu, 4 Machi 2024
Mama wa meza ya minofu ameleta cheti cha zahanati: "Apewe kazi nyepesi." Supavaiza anataka kumtoa kwenye katoni abaki kusafisha minofu, maana huko hakuna kubeba. Lakini tatizo la mama si mgongo. Dole gumba na vidole viwili vya jirani vinakufa ganzi, usiku vinamwamsha, na kisu kinamponyoka. Kwa mkono huo, kusafisha minofu ndiyo kazi nzito.

Jumanne, 5 Machi
Nimesimama mezani kwake kabla sijaandika barua kwa daktari. Sangara anatoka kwenye barafu, karibu nyuzi 0. Glavu zimelowa, kisu kimebanwa muda wote, na kifundo kinapinda kila anapofuata mfupa. Hayo yote nimeyaandika, kwa sababu daktari wa afya kazini hajawahi kuiona meza hii.

Maswali nimeyafunga kwenye kazi zenyewe:
1. Anaweza kukata kwa kisu? Kama ndiyo, kwa dakika ngapi kabla ya kupumzika?
2. Ganzi hiyo inamweka kwenye hatari ya kujikata?
3. Anaweza kushika samaki wa barafuni akiwa na glavu kavu?
4. Anaweza kuinua katoni ya kilo 10 kutoka kiunoni, na mara ngapi kwa saa?
5. Anaweza kupima uzito na kubandika lebo zamu nzima?
6. Masharti haya yadumu hadi lini, na apimwe tena lini?
7. Je, kazi imesababisha au imezidisha hali hii?

Swali la 7 linahusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Jina la ugonjwa na dawa sikuuliza. Havinisaidii kupanga zamu.

Jumatano, 6 Machi
Nimemsomea mama barua kabla hajatia saini ya ridhaa. Akanikatiza: "Bosi, hapa umeandika nashindwa kazi. Hiyo si ndiyo barua ya kunifukuza?" Nimefuta, sasa inasomeka: "Ameeleza kwamba kisu humponyoka." Maneno ya supavaiza kwamba amekuwa mzembe nayo nimeyatoa. Hilo daktari halipimi.

Ijumaa, 15 Machi
Majibu yamefika. Asishike kisu wala samaki wa baridi kwa wiki sita, kisha apimwe tena. Katoni asiinue kwa sasa. Mizani na lebo sawa, ila abadilishe mkono na apumzike kila saa. Kuhusu chanzo, daktari anataka kipimo cha mishipa ya fahamu, na anaomba kuja kuiona meza kabla ya kujibu.

Daktari ameshauri, kupanga ni kazi yangu. Jumatatu mama anaanza mizani. Supavaiza amepewa orodha ya vilivyokatazwa, si cheti, na nimemwambia asimwite mezani hata siku mzigo ukizidi.