Ukuta wa Sebuleni

Nyumba yetu iko Kiponda, katika Mji Mkongwe wa Unguja, nayo ni nyumba ya mawe kama zilivyo jirani zake. Kuta zake zina unene wa zaidi ya nusu mita, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na juu yake zimelazwa boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezama ndani ya ukuta huohuo. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti haivuki kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi, na mjenzi wa zamani alikata chumba kwa kadiri ya mti wake. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi wa chokaa. Utotoni nilimfuata kazini, si kwa kupenda kazi bali kwa kupenda mkate wa saa nne, na hivyo bila kukusudia nikajifunza mambo mawili matatu kuhusu kuta.

La kwanza katika hayo ni kwamba ukuta wa aina hii haukauki moja kwa moja maishani mwake. Hauna msingi wa kuzuia maji, basi unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa umebeba chumvi, kama utambi unavyopandisha mafuta. Kinachouokoa ni kwamba chokaa ina vitundu vidogo vidogo, na unyevu ukishapanda kiasi cha goti hupata njia ya kutoka, ukapeperuka na upepo wa uchochoroni. Chumvi hubaki juu ya lipu, ikaila pole pole, na kila baada ya miaka michache lipu hiyo hupukutika ikapigwa nyingine. Mgeni huona ukuta unaopukutika akadhani nyumba inakufa. Baba alikuwa akisema lipu ni nguo ya ukuta, nayo nguo huchakaa ili mwili usichakae.

Niliondoka Unguja mwishoni mwa mwaka 2018 kwenda Maskati, nikapata kazi ya ghala katika biashara ya vifaa vya ujenzi. Huko nilikutana na neno letu likiwa na maana yake nyingine. Sisi tukisema saruji twakusudia ule unga wa kijivu wa viwandani, lakini Waomani wakisema saruji wakusudia kitu cha kale zaidi: udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa, ambao kwao walijenga ngome na kuipaka mifereji yao ya falaji. Jina ni moja, vitu ni viwili, na ajabu ni kwamba ile ya kale inafanana na kazi ya baba yangu kuliko hii tuliyoipa jina lake. Mara nyingi nilipokuwa nikihesabu mifuko ghalani niliwaza jambo hilo, nisijue kwamba litanifuata mpaka nyumbani.

Nilirejea Aprili 2024, siku chache kabla ya Idi, katikati ya masika. Wanangu watatu hawakutaka nitangulie kupanda ngazi. Binti yangu mkubwa, ambaye nilimwacha akiwa mwanafunzi wa sekondari, sasa ni mwalimu; mdogo wake wa kiume anafanya kazi bandarini; na kitinda mimba, niliyemwacha akinyonya kidole, aliniamkia, "Shikamoo baba," kwa haya za mtu anayemwamkia mgeni. Nikaitikia marahaba, nikamshika mkono, naye akanipeleka sebuleni huku amenifumba macho kwa kiganja chake kimoja, jicho moja likiona na jingine halioni.

Sebule ilikuwa imepambwa kama nyumba ya arusi. Minyororo ya karatasi za rangi ilivuka kutoka boriti hadi boriti. Taa ndogo ndogo zilizunguka dirisha. Katika vidaka vya ukutani walipanga picha nilizokuwa nikizituma, kila mwaka na kidaka chake, na mbele ya kila picha pana kisahani cha asumini na vilua. Na ukuta wote wa upande wa uchochoroni, ambao niliuacha mweupe wenye mabaka, ulikuwa laini kama kioo, umepakwa rangi ya mafuta, buluu ya bahari ya saa tano. Katika ukuta unaoukabili, ule unaotenga sebule na chumba cha kulala, waliandika kwa herufi za manjano: Karibu Nyumbani Baba. Kitinda mimba ndiye aliyeandika neno la mwisho, na nilijua hivyo kwa kuwa lilikuwa linapanda mlima.

Mke wangu alinieleza usiku kwamba walichanga miezi saba. Sehemu ilikuwa mishahara yao, na sehemu walijinyima katika fedha nilizowapelekea. Walimtafuta fundi, akapiga lipu mpya ya saruji kutoka sakafuni hadi kifuani mwa mtu, kisha wakapaka rangi wenyewe kwa zamu, wakihitimisha katika mwezi wa Shaabani. Fundi aliwaambia kwamba saruji itauzuia unyevu. Sitamlaumu sana, ndivyo afanyavyo katika nyumba za matofali ng'ambo, na huko kazi yake husimama.

Asubuhi ya pili, kabla nyumba haijaamka, niliweka kiganja juu ya ile buluu. Ilikuwa baridi kuliko hewa. Nikagonga kwa kifundo cha kidole: kwenye jiwe lililoshikana na lipu yake sauti huwa nzito na fupi, lakini pale ilinijibu kama debe. Juu ya ukingo wa saruji, mahali ambapo zamani unyevu haukuwahi kufika, palikuwa na mstari wa malenge madogo. Nikalitoboa moja kwa ukucha, likatoa tone la maji. Nikaliweka ulimini, nikaonja chumvi.

Maana yake ilikuwa wazi. Maji yaliyokuwa yakitokea gotini sasa yalizuiwa na saruji na kufunikwa kwa mafuta, hivyo yalipanda kuitafuta njia kifuani. Yakiendelea hivyo masika mawili matatu yangezifikia ncha za boriti, nazo boriti huozea ndani ya ukuta, pasipo mtu kuona, mpaka siku dari inapoinama. Katika mji huu hatuna haja ya kuhadithiwa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka mchana kweupe na kuua watu. Nyumba ile ilikuwa na maradhi yake mengine na makubwa zaidi, lakini tangu siku hiyo hakuna mwenye nyumba ya mawe anayesikia kokoto ikianguka usiku akageukia upande wa pili na kulala.

Sikusema neno. Idi ikaja, wakaja jamaa na majirani, wakausifu ukuta, nami nikausifu pamoja nao. Sikuona kuwa ni unafiki. Sifa ile ilikuwa ya miezi saba, haikuwa ya lipu. Lakini mtoto uliyemwacha miaka mitano huwa anakutazama kuliko unavyodhani. Siku ya nne ya Shawwali binti yangu aliniletea kahawa barazani akakaa.

"Baba, ukuta haukukupendeza?"

"Umenipendeza, mwanangu."

"Basi mbona kila asubuhi unaugonga?"

Nikamchukua ndani nikamfundisha kusikiliza. Aligonga ukuta wa maandishi, kisha ule wa buluu, kisha akarudi tena kwenye maandishi. Hakulia. Aliuliza maji yanatoka wapi hata yawe mengi hivyo, na swali hilo lilikuwa bora kuliko yote niliyokuwa nimejiuliza mwenyewe, kwani unyevu wa ardhini peke yake hauleti malenge kwa miezi miwili. Tukashuka uchochoroni mvua ikinyesha. Mlizamu unaoteremsha maji ya paa ulikuwa umepasuka nyuma ya kibaraza cha jirani, ukimwaga maji yote chini ya ukuta wetu. Walikuwa wameuvika nguo mgonjwa ambaye bado anamwagiwa maji.

Basi kazi ikaanzia hapo, kwa kuwa lipu ya namna yoyote isingefaa kitu kabla ya mlizamu. Mwanangu wa bandarini aliutengeneza kwa siku mbili. Kisha tukabandua saruji, sote watano, kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, tukianzia mahali palipokuwa patupu. Hapa ndipo haraka huharibu: saruji ikishikana barabara na tumbawe hutoka na uso wa jiwe, basi palipokataa tulipaacha. Chumvi iliyochanua juu ya mawe tuliipangusa kwa brashi kavu, kwani ukiiosha kwa maji huyeyuka ikarudi ndani. Baada ya hapo ukuta uliachwa uchi, upigwe na upepo wa kusi. Jamaa waliofika waliona sebule yenye minyororo ya karatasi juu na mawe matupu chini, wakauliza kama tumeshindwa kumlipa fundi.

Ukuta wa maandishi sikuugusa. Ni ukuta wa ndani, haupati mvua, na mlio wake ni mzuri. Rangi ya mafuta haitauua. Kuna watu ninaowaheshimu katika kazi hii wangesema niuondoe nao kwa ajili ya usafi wa jengo, nami nasema nyumba si makumbusho.

Likizo yangu ilikwisha Juni, ukuta ukiwa bado unatoa chumvi. Niliwaachia maelekezo: chokaa iroweshwe maji na kulazwa ndani ya pipa miezi mitatu, lipu ipigwe Septemba kabla ya vuli, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio wa pwani, tabaka tatu nyembamba, na kila tabaka lifunikwe magunia mabichi siku kadhaa, kwani chokaa haigandi kwa kukauka bali kwa kunywa hewa, na ikikaushwa na jua hupasuka. Rangi iwe chokaa yenyewe, wakitaka buluu watie nili, kama bibi zao.

Walitaka buluu. Ilitoka hafifu, na kitinda mimba alilalamika kwamba inafanana na sare ya shule iliyofuliwa sana.

Ijumaa moja ya Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza, binti yangu alinipigia simu, akaiweka karibu na ukuta, akagonga. Nilisikia nikiwa Maskati ghalani, katikati ya mifuko: mlio mzito, mfupi. Akasogea, akagonga tena, mzito. Alipofika karibu na dirisha mlio ukalegea kidogo.

"Hapa bado, baba."

Nikamwambia apaache mpaka kaskazi.